Milioni 40 za Kujaribu: Je, Zinalipa?

Kampuni ikitaka kuingia sokoni na kitu kipya, mara nyingi mtu mmoja kikaoni atasema, "Tuanze kidogo kwanza, tuone." Ni kauli ya busara na ni nadra mtu kuipinga. Lakini uliza swali linalofuata, yaani tukishaona tutafanya nini, na watu huanza kutazamana. Swali hilo ndilo linaloamua kama fedha za kujaribu zimetumika au zimepotea, na linaweza kujibiwa kwa kalamu na karatasi kabla shilingi ya kwanza haijatoka. Kinachotumika ni mti wa maamuzi: mchoro unaochorwa kuanzia mwanzo, lakini unaohesabiwa kuanzia mwisho.

Tuchukue kampuni ya kusindika maziwa inayotaka kuuza Dar es Salaam kwa mashine zile ambazo Nairobi watu wamezizoea kwa jina la ATM za maziwa. Kampuni yenyewe nimeibuni, na tarakimu zake pia, ila nimezipanga zifanane na biashara ya kweli. Mashine ni kabati la chuma lenye tangi la ubaridi ndani yake. Mteja anakuja na chupa au kidumu chake, analipa elfu moja au elfu mbili, anabonyeza, na maziwa yaliyokwisha kuchemshwa kiwandani yanamiminika kwa kipimo kinacholingana na fedha aliyotoa. Hakuna pakiti, kwa hiyo bei inashuka. Upande wa pili ni kwamba umeme ukikatika mchana kutwa na jenereta haipo, maziwa ya tangi zima yanaharibika.

Kampuni inafikiria mashine 50. Kununua, kusafirisha na kufunga kila moja ni shilingi milioni 12, jumla milioni 600. Kila lita inaacha shilingi 200 baada ya kulipia maziwa na usafiri, na kila mashine inakula shilingi 12,000 kwa siku kwa pango, umeme na mtu wa kuiangalia. Sasa kila kitu kinategemea idadi ya lita. Watu wakiipenda, mashine itauza wastani wa lita 150 kwa siku na kubakiza 18,000. Wasipoipenda sana, itauza lita 80 na kubakiza 4,000 tu. Ukikusanya mabaki hayo kwa miaka mitano na kuyapunguza kwa riba, kwa sababu shilingi ya mwaka 2030 hailingani na ya leo, unapata kama milioni 1,100 soko likiwa zuri na kama milioni 250 likiwa baya. Toa zile milioni 600 za mashine: soko zuri linaleta faida ya milioni 500, soko baya linaleta hasara ya milioni 350.

Meneja wa mauzo, ambaye amezunguka mitaani na kuzungumza na wenye maduka, anaona uwezekano wa soko kuwa zuri ni asilimia 40. Hesabu ya kwanza ni fupi. Asilimia 40 ya faida ya milioni 500 ni milioni 200. Asilimia 60 ya hasara ya milioni 350 ni milioni 210. Ukijumlisha, kuingia sokoni moja kwa moja kuna thamani ya wastani ya hasara ya milioni 10. Kwa hesabu hii mradi haufai, na mhasibu makini angefunga faili hapo.

Hapo ndipo mtu anaposimama na kusema tujaribu. Tukodi mashine nne, tuziweke mitaani miezi sita, gharama yote baada ya kutoa mauzo iwe milioni 40. Mashine zikiuza wastani wa lita 120 kwa siku au zaidi, tutahesabu kuwa majaribio yamefaulu. Zikiuza chini ya hapo, yamefeli. Swali ni kama inafaa kulipa milioni 40 ili kupata habari za mradi ambao tayari hesabu imesema una hasara.

Chora mraba upande wa kushoto wa karatasi. Mraba ni mahali unapoamua wewe. Kutoka hapo yanatoka matawi matatu: kuacha, kuingia moja kwa moja, na kujaribu. Tawi la kujaribu linaishia kwenye duara, kwa kuwa matokeo ya majaribio huyaamui wewe; duara ni mahali ambapo soko ndilo linaloamua. Kutoka kwenye duara yanatoka matawi mawili, kufaulu na kufeli. Mwisho wa kila moja chora mraba mwingine, maana hapo unaamua tena: kusambaza mashine 50 au kuacha. Ukisambaza, unakutana na duara la mwisho, soko zuri au baya. Mchoro wa namna hii ulienea kwa wafanyabiashara baada ya John Magee kuuandikia makala katika jarida la Harvard Business Review mwaka 1964, na mfano wake ulikuwa wa jamaa hii hii: kiwanda cha kemikali kinachojiuliza kijenge mtambo mkubwa mara moja, au mdogo wenye nafasi ya kupanuliwa baadaye.

Kabla ya kuhesabu tunahitaji jambo moja zaidi, nalo ndilo linalosahaulika mara nyingi: majaribio yanaweza kudanganya. Mashine nne si soko zima. Tuseme soko likiwa zuri kweli, majaribio yatafaulu mara 80 katika 100, na mara 20 yatafeli kwa bahati mbaya, pengine mashine mbili ziliwekwa mahali pabovu. Soko likiwa baya, bado yatafaulu mara 25 katika 100, kwa sababu watu wanapenda kuonja kitu kipya kabla hawajakichoka.

Asilimia zikipangwa juu ya asilimia zinachosha kichwa, kwa hiyo tufikirie miji 100 inayofanana na Dar. Kwa makisio ya meneja, 40 ina soko zuri na 60 ina soko baya. Kati ya ile 40, majaribio yanafaulu katika 32 na kufeli katika 8. Kati ya ile 60, yanafaulu kwa uongo katika 15 na kufeli katika 45. Kwa hiyo majaribio yanafaulu katika miji 47, na 32 kati yake ndiyo yenye soko zuri kweli. Yanafeli katika miji 53, na 8 tu kati yake ndiyo yenye soko zuri.

Sasa nenda mwisho kabisa wa karatasi, upande wa kulia, ukaanze kurudi.

Simama kwenye mraba wa juu, ambapo majaribio yamefaulu. Ukisambaza, katika miji 32 unapata faida ya milioni 500 na katika 15 unapata hasara ya milioni 350. Gawanya kwa miji 47, na wastani ni faida ya milioni 229 hivi. Ukiacha unapata sifuri. Unachagua kusambaza, unaandika 229 juu ya mraba na kulikata tawi la kuacha kwa mistari miwili. Shuka kwenye mraba wa chini, ambapo majaribio yamefeli. Ukisambaza hapa, miji 8 inakupa faida ya milioni 500 na miji 45 inakupa hasara ya milioni 350. Wastani ni hasara ya milioni 222 hivi. Ukiacha ni sifuri. Sifuri inashinda. Andika sifuri, kata tawi la kusambaza.

Rudi hatua moja, kwenye duara la majaribio. Mara 47 katika 100 utakuwa na milioni 229, na mara 53 utakuwa na sifuri. Wastani ni milioni 107.5. Toa milioni 40 za majaribio, inabaki milioni 67.5. Umefika kwenye mraba wa kwanza na majibu yako mbele yako: kuacha ni sifuri, kuingia moja kwa moja ni hasara ya milioni 10, kujaribu kwanza ni faida ya milioni 67.5. Mradi uliokuwa wa kutupwa umekuwa mradi mzuri, na hakuna aliyeongeza hata lita moja ya mauzo.

Thamani hiyo imetoka wapi? Rudi kwenye mraba wa chini ukafanye hesabu kwa mkuu wa kampuni asiyekubali kushindwa, yule ambaye hata majaribio yakifeli atasambaza. Badala ya sifuri, tawi lile sasa lina hasara ya milioni 222. Mara 53 katika 100 ya hasara hiyo ni milioni 117.5. Chukua 107.5 za upande wa kufaulu, toa 117.5, inabaki hasara ya milioni 10, ile ile ya kuingia moja kwa moja bila kujaribu chochote. Ongeza milioni 40 za majaribio na umefikia hasara ya milioni 50. Faida yote ya majaribio ilikuwa imekaa kwenye tawi la kuacha. Ukilikata tawi hilo, majaribio yanageuka kuwa gharama ya sherehe.

Hili si jambo la nadharia. Nimeona miradi ambayo majaribio yake yalipoanza, mkataba wa mashine zote ulikuwa umeshasainiwa. Mingine tarehe ya uzinduzi ilishatangazwa na mgeni rasmi ameshaalikwa. Huko watu hawajaribu chochote. Wanasubiri tarehe huku wakilipa. Kuna kipimo rahisi cha kuwagundua: waulize matokeo gani yatawafanya waache. Wakikosa tarakimu, mraba wa chini haupo kwenye karatasi yao.

Kurudi kutoka mwisho kunasaidia pia dhidi ya hoja moja inayosikika sana siku matokeo yanapoletwa: "Mkurugenzi, tumeshatumia milioni 40, tutaziachaje zipotee?" Tazama mraba wa chini tena. Zile milioni 40 zimetoka ukisambaza na zimetoka ukiacha. Ziko nyuma ya matawi yote mawili, kwa hiyo haziwezi kuyatofautisha. Kinachotofautisha ni kilicho mbele, yaani hasara ya wastani ya milioni 222 upande mmoja na sifuri upande wa pili. Anayehesabu kutoka mwanzo kwenda mbele hubeba gharama za jana kila anapopiga hatua. Anayehesabu kutoka mwisho hakutani nazo mpaka anapofika pale zilipolipwa, na pale ndipo zinapohusika.

Sasa tuitie doa hesabu yetu nzuri. Ile tarakimu ya 25, uwezekano wa majaribio kufaulu kwa uongo, ndiyo inayochezewa zaidi, na mara nyingi bila nia mbaya. Anayesimamia majaribio anataka yafaulu. Anaziweka mashine Mikocheni na Masaki, penye wateja wenye fedha na duka lenye jenereta. Anampeleka fundi wake bora, anayefika ndani ya saa moja tangi likipata hitilafu. Mwezi wa Ramadhani unaangukia ndani ya miezi sita na mauzo ya jioni yanapanda. Kisha mashine 50 zinakwenda Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara, na fundi ni yule yule mmoja. Tuseme kwa upendeleo huo uwezekano wa kufaulu kwa uongo umepanda kutoka 25 hadi 60 katika 100. Miji yenye soko baya inayofaulu sasa ni 36, si 15. Wastani wa kusambaza baada ya kufaulu, ukiupima katika miji yote 100, unashuka kutoka milioni 107.5 hadi milioni 34. Toa 40 na umepata hasara ya milioni 6. Mashine ni zile zile, gharama ni ile ile, lakini sasa heri kuacha mradi kuliko kuujaribu.

Dawa yake ni kuchagua sehemu za kujaribu kwa namna inayofanana na sehemu za kusambaza. Kama mashine 30 kati ya 50 zitakwenda mitaa ya kipato cha chini, basi angalau mbili kati ya nne za majaribio zikae huko, na fundi awe na ratiba atakayokuwa nayo mashine zikiwa 50. Kadhalika, mauzo ya mwezi wa kwanza yasichanganywe na ya mwezi wa sita. Mstari unaopanda kutoka lita 90 hadi 150 na mstari unaoshuka kutoka lita 150 hadi 90 unaweza kukupa wastani ule ule wa lita 120, ilhali habari zake ni mbili tofauti kabisa.

Wapo wanaodhani kujaribu kwanza hakuna ubaya wowote. Mti wenyewe unakataa. Tuseme meneja wa mauzo ana hakika zaidi na anakisia soko zuri kwa asilimia 70. Kuingia moja kwa moja sasa kunaleta wastani wa faida ya milioni 245. Ukijaribu kwanza, hesabu ile ile ya kurudi nyuma inakupa milioni 254 hivi kabla ya gharama, na ukitoa milioni 40 unabaki na 214. Majaribio yameongeza milioni 9 tu za uamuzi bora, nayo yanauzwa milioni 40. Hapo jaribio ni woga uliovaa suti. Majaribio hulipa zaidi pale ambapo hujui uende wapi, kosa ni ghali, na matokeo yanaweza kweli kukugeuza.

Muda nao una bei. Miezi sita ya kujaribu inasogeza faida zote mbele miezi sita. Kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, zile milioni 107.5 zinakuwa milioni 100 za leo, na thamani ya kujaribu inashuka kutoka milioni 67.5 hadi 60. Kwa kampuni yetu bado inafaa. Lakini kama mshindani yuko mlangoni, miezi sita hiyo inaweza kumpa kona zote nzuri za barabara, na hilo inabidi liingie kwenye mti kama tawi lake, likiwa na uwezekano wake.

Wastani nao usikupumbaze. Hata majaribio yakifaulu, miji 15 katika 47, karibu theluthi, inaishia kwenye hasara ya milioni 350 juu ya zile 40. Kampuni yenye miradi mingi inaweza kuishi kwa wastani. Kampuni ya familia iliyoweka kiwanda rehani benki haiwezi, na kwake ni halali kuongeza mraba mwingine katikati: mashine 15 kwanza, halafu 35. Mti utakuwa mrefu zaidi, lakini hesabu ni ile ile ya kurudi nyuma.

Kuna kitu kimoja ambacho mti hauwezi kukupa, nacho ni tawi ambalo hukulifikiria. Mfano mzuri uko hapa Afrika Mashariki. Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone walianza kuijaribu M-Pesa Nairobi na Thika, wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Mawakala walikuwa wanane na wateja kama 500, na sehemu ya gharama ililipwa na mfuko wa serikali ya Uingereza. Kilichojaribiwa kilikuwa kupokea na kulipa mikopo kwa simu. Kwa upande huo mambo hayakuwa rahisi, kwani kuoanisha malipo ya simu na vitabu vya taasisi kulileta usumbufu. Lakini wateja walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao, na wengine wakiweka fedha kwa wakala mji mmoja na kuzitoa walikokwenda ili wasisafiri na noti mfukoni. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mikopo iliwekwa kando na kutuma fedha ndiyo ikawa bidhaa. Aliyesoma majaribio yale kwa swali moja tu, mikopo inalipwa au hailipwi, angeona kushindwa.

Kwa hiyo majaribio yahitaji macho mawili: moja la tarakimu iliyowekwa mapema, lingine la kutazama watu wanafanya nini na kitu chako. La pili lisigeuzwe kisingizio cha kulikwepa la kwanza. Ukigundua matumizi mapya, chora mti mpya, wenye uwezekano wake na gharama zake, usiung'ang'anie ule wa zamani kwa jina la fursa.

Kama unakaribia kulipia majaribio yoyote, yawe ya mashine, ya mbegu mpya au ya tawi la duka, andika leo kwenye karatasi moja kiwango kitakachokufanya uache, tarehe ya kukipima na jina la mwenye mamlaka ya kusema basi. Wote wasaini, kisha ndipo fedha zitoke. Usipoweza kuijaza karatasi hiyo, zibakishe hizo fedha.